Mtoto Mgeni wa Somo Asitwikwe Mizigo Miwili

Liko neno linalosemwa kati yetu waalimu ambalo hatuwezi kulinyamazia. Wako wasemao kwamba mtoto asionyeshwe njia ya hesabu. Apewe swali tu, ahangaike nalo peke yake, ati ndivyo akili inavyonolewa. Sisi twalikataa neno hili kwa habari ya mtoto aliye mgeni wa somo.

Huku Makoko twawaona akina mama wakipanda kutoka ziwani na ndoo kichwani. Aliyezoea huchukua ndoo na huku akizungumza. Binti anayejifunza, ukimsemesha tu, maji humwagika. Ndivyo ilivyo akili. Ile sehemu yake inayoshika mambo mapya wakati tunapoyafikiri ni ndogo mno: Nelson Cowan, mwaka 2001, alikadiria kuwa hushika mambo manne hivi kwa mara moja. Lakini yale tuliyokwisha kuyaweka katika ghala ya kumbukumbu hutoka yamefungwa pamoja kama tita la kuni, na mengi huwa kama jambo moja. Ndiyo maana swali jepesi kwa mwalimu ni zito kwa mtoto, wala si kwa sababu mtoto ni mjinga.

Tutwae mfano. Mtoto alisomeshwa hesabu kwa Kiswahili hata darasa la saba. Sasa yu kidato cha kwanza, ambako hufundishwa kwa Kiingereza. Mwalimu aandika, kwa lugha hiyo, habari ya mvuvi aliyenunua pakiti 3 za ndoano za bei moja, na kamba ya shilingi 4,000, akalipa shilingi 19,000 kwa vyote. Bei ya pakiti moja ni ngapi? Hebu tazama anayopaswa kuyashika mtoto: maana ya maneno ya kigeni; x ni kitu gani; analotafuta; alilo nalo; jinsi hayo mawili yanavyoachana; na tendo lipi litangulie. Yamekwisha kupita manne. Basi hukisia, mwingine hugawa 19,000 kwa 3 akaisahau kamba. Na hata apataye jibu mara nyingi hajui alipita wapi, kwa kuwa nguvu zote zilikwisha katika kutafuta.

Jambo hili la mwisho alilieleza John Sweller wa Australia mwaka 1988. Kabla ya hapo, mwaka 1985, yeye na Graham Cooper waliwajaribu wanafunzi wa aljebra. Wengine walipewa maswali tu. Wengine walipewa swali lililokwisha kufanywa, walisome, kisha swali lifananalo nalo walifanye wenyewe. Hao wa pili, walipopewa maswali ya namna ile ile, waliyafanya upesi zaidi na kwa makosa machache. Twakiri kwamba katika maswali ya namna nyingine faida hiyo haikuonekana.

Sisi twafanya hivi. Kisa cha mvuvi twakisimulia kwanza kwa Kiswahili, ili mzigo wa lugha ukae chini kidogo. Kisha twaandika:

3x + 4,000 = 19,000
3x = 15,000 (tumeondoa bei ya kamba pande zote mbili)
x = 5,000 (tumegawa kwa pakiti 3)

Sababu twaiandika kando ya mstari wake hasa, si upande wa pili wa ubao, maana jicho linalokwenda na kurudi huongeza mzigo wa bure. Swali la pili twaacha mstari wa mwisho mtupu, mtoto aujaze. La tatu twaacha miwili. La nne alifanye lote. Ndipo twaleta maneno ya Kiingereza, machache machache, juu ya hesabu asiyoiogopa tena.

Utajuaje kama ameelewa? Muulize, "Kwa nini uliondoa 4,000?" Akitaja kamba, endelea. Akisema, "Mwalimu ndivyo alivyofanya," amenakili tu. Rudi nyuma hatua moja.

Wapinzani wetu wana haki mahali pamoja. Mwaka 2003 Slava Kalyuga na wenzake, Sweller akiwamo, walieleza kwamba mifano imsaidiayo mgeni humzuia aliyekwisha kujua, kwa kuwa humlazimu kusoma asilolihitaji. Nasi tulikosa hapo: tuliendelea kuwasomea mifano watoto waliokwisha kuweza, hata wakaanza kusinzia. Hao ndio wa kuachiwa maswali magumu wahangaike nayo.

Watasema, "Lakini mtihani ni wa Kiingereza." Ni kweli, na upimaji wa taifa humngoja kidato cha pili. Basi Kiingereza afundishwe, tena kwa bidii, ila si katika saa ile ile anapokutana na x kwa mara ya kwanza.