Familia 40 si watu 200

Wasikilizaji wengi mnadhani ripota anarudi kutoka kambini na habari nzima. Hapana. Anarudi na mistari michache kwenye kalaye, iliyoandikwa haraka mvua isiloweshe karatasi. Yangu ya Alhamisi ilikuwa hii: "S 4 asub. Fam 40 zimefika jana, rais wa kambi. Mikeka darasa 3, nimeona. Mtoto anahara, mama: kolera. Maji mbali."

Usiku unatakiwa kuifanya habari ya dakika moja, na hapo ndipo uongo unaingia bila mtu kukusudia. Mwenzangu mmoja aliisoma, akazidisha: familia 40 mara watu 5, basi watu 200. Akaanza pia na "waliokimbia mapigano". Nilikataa yote mawili. Watu hatukuwahesabu, na kalaye haisemi walikimbia nini. Shirika likisikia 200 na kuleta turubai na unga kwa hesabu hiyo, watakaozidi watalala nje, na sauti yetu ndiyo iliyowapunguza.

Nilisoma hivi: "Familia 40 zilifika kambini Jumatano, kwa maelezo ya rais wa kambi. Alhamisi saa nne asubuhi, sisi wenyewe tuliona mikeka imetandikwa katika madarasa matatu ya shule. Mama mmoja alituambia kwamba mtoto wake anahara, na kwamba ni kolera. Hatujazungumza na muuguzi."

Angalieni, maneno yameongezeka lakini mambo ni yale yale. Nilichoongeza ni nani amesema, nani ameona, na lipi hatujauliza. Sikusema watu wanalala darasani, maana niliona mikeka tu. Kolera niliiacha mdomoni mwa mama, kwa sababu kuhara kuna sababu nyingi, na kolera inathibitishwa kwa kupima kinyesi maabara. Wala sikusema hakuna aliyekufa. Kalaye kunyamaza si jibu, na kuna ndugu wanaosikiliza wakiwatafuta watu wao.

Yalibaki maji. "Mbali" ni mbali kiasi gani, na nani alisema? Sikukumbuka. Nilimpigia rais wa kambi, simu ikawa imezimwa, nikaufuta mstari huo.

Kesho yake mama mmoja alinigombeza kambini: "Mwanangu, mmesema mikeka, maji mmeyaacha, na maji ndiyo yanatuua migongo!" Alikuwa na haki. Lakini kosa langu lilikuwa la asubuhi, kutouliza, si la usiku, kutobuni. Nilimfuata hadi kwenye bomba, yeye na bidoni ya lita 20, mimi na saa yangu. Kwenda dakika 35. Kurudi, bidoni ikiwa imejaa, dakika 50, na alipumzika mara tatu. Hiyo ndiyo mliyoisikia Jumamosi.