Ati Ni Neti Yangu? Hapana, Ni Kitufe Chenu Kinachoruka

Wacha niandike hii kitu kabla hasira ishuke.

Jumatatu jioni niko steji, matatu ya Rongai imebaki na siti moja. Konda amesimama mlangoni anapiga mwili wa gari na kiganja: "Msee tuma haraka, kanjo wanakuja!" Nauli ni mia. Nafungua ile apu ya kulipia nauli (siitaji jina, ukiitumia utaijua). Ukurasa wa kwanza unajikunja kama karatasi. Wa pili unaingia kutoka kulia, unapitiliza kidogo, unarudi, ndio unatulia. Nafika kwa kitufe cha "Lipa". Nakibonyeza. Kinasinyaa, kinavimba, kinatetemeka kama jeli, halafu kinarudi vile kilikuwa. Vile vile kabisa, kama sijawahi kukigusa.

Konda ananiangalia. Nabonyeza tena.

Meseji mbili. Mia, na mia. Konda anasema pesa imeingia kwa akaunti ya sacco na yeye hana uwezo wa kurudisha. Nikaandikia kastama kea. Wakajibu: "Tafadhali hakikisha mtandao wako uko imara."

Sawa. Tuangalie huo mtandao.

Nilifika nyumbani nikafungua Developer options kwa simu (unaenda kwa About phone, unagonga Build number mara 7), nikawasha Show taps. Hiyo huweka kidoti mahali kidole kimegusa. Halafu nikaanza kurekodi skrini, na nikaweka simu kwa hali ya ndege. Hakuna bando, hakuna waifai, hakuna kitu. Kama tatizo ni neti, basi sasa hakuna neti ya kulaumu.

Rekodi yangu inatoa picha 30 kwa sekunde, kwa hivyo kila picha ni kama milisekunde 33. Nikaisogeza picha moja moja. Kutoka kidoti kionekane hadi ukurasa mpya usimame wima: picha 27. Hiyo ni karibu milisekunde 900. Nikarudia na neti ikiwa imewashwa: 27 tena. Yaani ukurasa wa kuchagua gari, wa kuandika kiasi, wa kuhakikisha, zote ziko ndani ya simu tayari. Hazingoji seva yoyote. Zinangoja dansi iishe.

Na si kungoja tu. Kwa picha ya 15, kisanduku cha kiasi kishafika mahali pake, naona kiko hapo. Nikakigusa. Kidoti kinaonekana juu yake, na hakuna kinachotokea. Apu imefunga mlango hadi ukurasa umalize kuyumba. Hii ndio inaniudhi kuliko zote. Animesheni ndefu ambayo unaweza kuikatiza ni mapambo tu. Ile inakataa kidole chako ni foleni.

Kabla ufike kwa "Lipa" unavuka kurasa mara nne. Nne mara 0.9 ni sekunde 3.6. Ukiwa umekaa kwa kiti nyumbani hizo si kitu. Mlangoni mwa matatu, na watu wawili nyuma yako wanakusukuma, ni refu sana.

Sasa kile kitufe. Jakob Nielsen aliandika tangu 1993 kwamba kitu kikijibu ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtu anahisi ni mkono wake umekifanya. Ikizidi hapo anaanza kuhisi anangoja mashine. Kitufe hiki kinacheza kwa picha 15, nusu sekunde nzima, na kinamalizia mahali kilianzia. Rangi ile ile, maneno yale yale. Kimekupa nusu sekunde ya mwendo na hakijakuambia chochote.

Halafu nikafanya jaribio ambalo lilinifungua macho. Bado niko hali ya ndege, nikabonyeza "Lipa" mara moja. Ujumbe wa "Hakuna mtandao" ulikuja baada tu ya kitufe kuacha kutetemeka, si kabla. Sijaona koodi yao, lakini hiyo inaonyesha apu hata haijaribu kutuma hadi dansi iishe. Nikabonyeza mara mbili haraka. Ujumbe ulikuja mara mbili. Kila mguso ulihesabiwa kama malipo yake, na hakukuwa na shilingi moja hatarini kwa jaribio hilo, kwa hivyo hata wewe unaweza kujaribu yako.

Ona basi mtego ulivyo. Kitufe kinachelewa kuonyesha kuwa kimesikia, kwa hivyo unabonyeza tena. Na kwa sababu hakijafungwa, kinakubali. Tiba yake si sayansi ya roketi. Kwa ukurasa wa wavuti ni hivi:

```js
kitufe.onclick = () => {
  kitufe.disabled = true;
  kitufe.textContent = "Inatuma...";
  tumaMalipo();
};
```

Kinafungwa, kinabadilisha maneno, kinatuma. Papo hapo. Wakitaka kitetemeke baada ya hapo, kitetemeke wakati pesa iko njiani. Kwa upande wa seva nao waweke namba ya pekee kwa kila malipo, ili ikija mara mbili ya pili itupwe, juu kitufe peke yake hakitoshi neti ikikatika katikati.

Dizaina mmoja tunayejuana alinijibu kwamba mwendo unamsaidia mtu kuelewa ametoka wapi na anaenda wapi. Na ni kweli, sibishani. Ukurasa ukiingia kutoka kulia najua nikirudi nitaenda kushoto. Lakini hiyo habari inaingia kwa milisekunde 200 au 300. Hizo 600 zingine ni za nani? Nadhani ni za ile siku ya kuonyesha bosi. Mtu anaiona mara moja, kwa simu mpya, anapiga makofi. Mimi naiona kila asubuhi na kila jioni, kwa simu ya bei ya chini ambayo haiwezi kuchora vile vivuli vyote kwa wakati, kwa hivyo inaruka picha na huo mwendo mlaini unakuwa vipande vipande. Muda haupungui. Unabaki 900 zile zile, ila zimekatika.

Hata Apple walishikwa na hii. 2013 walitoa iOS 7, apu zikawa zinavutwa kuja kwa uso ukizifungua, na watu wakalalamika wanapata kizunguzungu na kichefuchefu. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, kwa toleo la 7.0.3, swichi ya Reduce Motion ikaanza kuondoa huo mvuto na kuweka ukurasa unaofifia tu. Hii apu yetu ya nauli haina swichi yoyote.

Kwa sasa, ukiwa na Android, pale pale kwa Developer options kuna Window animation scale, Transition animation scale na Animator duration scale. Weka zote 0.5x. Simu nzima itahisi mpya. Si kila apu inatii lakini, na hii yetu ilitii nusu: kurasa zilishuka hadi picha 14, kitufe kikabaki na dansi yake. Kwa hivyo ukibonyeza "Lipa", toa kidole na uhesabu hadi mbili, hata konda akupigie kelele.

Ile mia yangu ilirudi baada ya siku nne. Ilirudi na ukurasa mzima wa karatasi za rangi zinazoanguka, sekunde tatu, na hakuna mahali pa kuzifunga.