Kazi na dawa za kila siku: unayoweza kuuliza ukitafuta kazi Arua na Koboko

Tangu mwaka 2023, WFP ilipogawa kaya za wakimbizi katika makundi matatu na kulitoa kundi la tatu kwenye mgao wa chakula, watu wengi wa Rhino Camp, Imvepi na Lobule wanatafuta kazi mjini. Mwaka 2025 fedha za Marekani zilipokatwa, mashirika nayo yakapunguza wafanyakazi, wenyeji na wakimbizi pamoja. Wengine miongoni mwa wanaotafuta sasa wanatumia dawa kila siku na wana tarehe za kliniki. Makala hii inamhusu zaidi anayetumia ARV, ingawa mwenye kisukari au presha pia atapata cha kumfaa.

Hakuna tangazo la kazi Koboko litakaloandika "saa zinazobadilika". Kwa hiyo usiulize kama mwajiri ana huruma. Uliza kazi yake inapimwa kwa nini: kwa saa za kuwepo, au kwa kazi iliyokamilika?

Chukua mfano wa mama wa Lobule anayetumia ARV, mwenye nafasi mbili mjini Koboko. Hoteli ya chakula inamtaka afike alfajiri na kuondoka usiku, kwa shilingi 6,000 kwa siku. Fundi wa cherehani atamlipa shilingi 2,000 kwa kila shati la shule, naye kwa siku hushona mashati matatu. Kwa siku nzima malipo ni yaleyale. Lakini siku ya kliniki hoteli inampoteza mtu mbele ya wateja, na kesho yake huenda akamkuta mwingine jikoni. Kwa fundi, mashati ya Jumanne yanaweza kumalizika Jumatano. Ubaya wa cherehani ni misimu: sare hushonwa sana shule zinapokaribia kufunguliwa, kisha kazi hupungua. Basi aulize mapema kama miezi mingine kuna kazi ya kurekebisha nguo.

Kabla ya kumwomba mwajiri abadili saa, nenda kliniki ukaulize kama ratiba yako inaweza kubadilika. Mwongozo wa Uganda unaruhusu mtu ambaye hali yake imetulia na virusi vimedhibitiwa apewe dawa za miezi mitatu, hata sita, akibahatika kuwa kituo kina akiba ya kutosha. Anayefika kila mwezi anapoteza siku 12 za kazi kwa mwaka. Wa miezi mitatu anapoteza nne. Wako pia wanaounda kikundi cha kijiji na kupokezana kwenda kuwachukulia wenzao. Ukishajua tarehe zako, unaweza kumwambia mwajiri hivi: "Mara nne kwa mwaka nina miadi ya hospitali. Nitakwambia wiki mbili kabla, na kazi ya siku hiyo nitaifidia." Jina la ugonjwa si lazima. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakataza mwajiri kumbagua mtu kwa sababu ya hali yake ya VVU, na mwajiri anayeanza kwa kudai kipimo amekwishakuonyesha alivyo.

Wafanyakazi waliopo watakueleza zaidi kuliko bosi. Uliza: mtu akiugua hapa inakuwaje? Wakikutajia mwenzao aliyeugua malaria akarudi kwenye nafasi yake, hiyo ni dalili nzuri. Wakicheka tu, umejibiwa.

Kazi ya mkataba, kama ya dukani au kwenye shirika, ina kinga ambayo kazi ya kulipwa kwa kipande mara nyingi haina. Kwa sheria hiyohiyo, aliyekwisha kufanya kazi mwezi mmoja mfululizo akiugua hulipwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa kutokuwepo, mradi atoe taarifa mapema iwezekanavyo na, akidaiwa, alete cheti cha daktari. Mwombe daktari aandike siku za mapumziko tu. Ugonjwa ukiendelea hadi mwisho wa mwezi wa pili, mwajiri anaruhusiwa kuvunja mkataba kwa kufuata masharti yake, kwa hiyo kinga hii ina kikomo.

Na leja-leja? Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinasema kibarua aliyefanya kazi miezi minne mfululizo kwa mwajiri mmoja anastahili mkataba wa maandishi. Wachache wanaudai, na wengi wakiudai hukosa ushahidi. Weka daftari: tarehe, kazi uliyofanya, pesa uliyopokea, na ujumbe wa simu wa malipo usiufute. Ukinyimwa haki, mpelekee ofisa wa kazi wa wilaya daftari hilo, ukiwa na kitambulisho chako cha mkimbizi au cha taifa.