Wiki Tupu Zisihesabiwe Katika Malipo ya Likizo

Mfanyakazi mwenye mshahara wa mwezi hana shida ya kujua malipo yake ya likizo. Hupumzika, na mwisho wa mwezi hupata kile kile alichozoea. Je, yule anayefanya kazi saa nane wiki hii, saa ishirini wiki ijayo, na wiki ya tatu asiitwe kabisa? Swali hili linawahusu wanafunzi wetu wengi walioko Uingereza, ambao hujikimu kwa zamu za kutunza wazee au kuhudumu hotelini.

Sheria ya huko hutumia wastani wa wiki zilizotangulia likizo. Hadi Aprili 2020 wiki hizo zilikuwa 12 tu, na aliyepumzika baada ya msimu mbovu aliumia, kwa kuwa wastani wake ulitokana na miezi ya njaa. Tangu wakati huo huhesabiwa wiki 52. Lakini hizo si wiki 52 za kalenda. Wiki ambayo mfanyakazi hakulipwa chochote huachwa kando, na nafasi yake huchukuliwa na wiki ya nyuma zaidi iliyokuwa na malipo, mradi mtu asirudi nyuma kupita wiki 104. Ambaye hajatimiza wiki 52 za malipo hupigiwa hesabu kwa zile alizo nazo.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi anayelipwa pauni 13 kwa saa. Katika wiki 52 za kalenda zilizopita alifanya kazi wiki 44, jumla ya saa 792. Wiki nane alikaa na vitabu vyake kwa ajili ya mitihani, asipate hata senti. Mwajiri asiyejua, au anayejifanya hajui, huchukua pauni 10,296 alizomlipa, akagawanya kwa 52, akapata pauni 198 kwa wiki. Hesabu iliyo sahihi huziruka zile wiki nane na kurudi nyuma hadi wiki nane nyingine alizofanya kazi, tuseme kwa saa 144. Sasa jumla ni saa 936, yaani pauni 12,168. Gawanya kwa 52, upate pauni 234. Pauni 36 zilikuwa zimepotea katika wiki moja ya mapumziko.

Kosa hili hugunduliwa kwa urahisi. Wastani wa kijana huyu ni saa 18 kwa wiki, na hizo ndizo anazokatwa katika akiba yake ya likizo. Agawanye malipo ya likizo kwa saa hizo. Pauni 198 kwa saa 18 ni pauni 11 kwa saa, ilhali hajawahi kufanya kazi kwa chini ya 13. Hapo ajue kwamba wiki tupu zimeingizwa katika hesabu.

Walimu watapendezwa na upande wa pili wa jambo hili, kwa sababu ulizuka shuleni. Mwalimu wa muziki aliyefundisha kwa vipindi katika shule ya Harpur Trust, mjini Bedford, hakuwa na kazi wakati shule zimefungwa. Mwajiri alimlipia likizo asilimia 12.07 ya mapato yake. Kiwango hicho hutokana na kugawanya wiki 5.6 za likizo kwa wiki 46.4 zinazobaki katika mwaka. Mwalimu alidai kwamba yeye naye anastahili wiki 5.6 kamili, kila moja kwa wastani wake. Kwa mtu afundishaye wiki 32 tu, hiyo ni asilimia 17.5. Mnamo Julai 2022 Mahakama ya Juu ilimpa ushindi.

Ushindi huo haukudumu. Kwa miaka ya likizo iliyoanza tarehe 1 Aprili 2024 au baadaye, serikali ilirudisha asilimia 12.07 kwa wenye saa zisizo thabiti na wanaofanya kazi sehemu ya mwaka. Likizo yao hujilimbikiza kwa kiwango hicho cha saa walizofanya. Yule mwanafunzi wetu, kwa saa 792, amejipatia saa zipatazo 96. Mwajiri anaruhusiwa pia kulipa asilimia hiyo pamoja na kila mshahara badala ya kungoja likizo, ila lazima aionyeshe peke yake katika hati ya malipo.

Wapo wanaosema mabadiliko hayo yameleta usawa, kwani aliyefanya kazi kidogo hupata kidogo. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mwalimu wa vipindi hakuchagua kufungwa kwa shule, na bado yumo katika mkataba kipindi hicho chote.

Penye mwajiri asiyelipa kwa asilimia pamoja na mshahara, wastani wa wiki 52 ungali unatawala, na zile wiki tupu zingali mtego. Anayefanya kazi kwa zamu na azihifadhi hati zake za malipo za miaka miwili, kwa maana wiki 104 ndizo mwisho wa kurudi nyuma.