Kwanza Hesabu Baiti

Na Rehema Mkwizu

Mpokeaji anasema faili la zipu halifunguki. Mtumaji anajibu kwamba kwake linafunguka vizuri. Hapo watu huanza kulaumiana, mpaka atokee mjuzi wa ofisi ashauri itafutwe programu nyingine ya kufungulia. Ushauri huo ndio ninaoupinga wiki hii. Faili linapogoma kufunguka baada ya kupakiwa mtandaoni, lipo swali moja la kutangulia mengine yote: je, baiti zilizofika ni zile zile zilizotumwa, bila kupungua hata moja? Wale wawili wanaobishana huenda wote wanasema kweli, kwa sababu hawazungumzii kitu kimoja. Mtumaji amefungua faili lililobaki kwenye kompyuta yake. Mpokeaji anahangaika na nakala iliyosafiri.

Kinachowapotosha wengi ni kudhani kwamba faili lililofika karibu lote lingepaswa kufunguka karibu lote. Picha iliyokatika safarini mara nyingi huonyesha angalau sehemu ya juu, na wimbo uliokatika hupiga mpaka ulipoishia. Zipu haina tabia hiyo, na sababu iko kwenye muundo ambao Phil Katz aliutoa mwaka 1989 pamoja na programu yake ya PKZIP. Orodha ya yaliyomo, inayotaja kila faili la ndani na mahali lilipo, huandikwa mwishoni kabisa, nyuma ya mzigo wote. Ina mantiki yake: programu inayobana hujua kila faili limeangukia wapi baada tu ya kumaliza kulibana. Lakini programu nyingi za kufungua huanzia huko huko nyuma, zinatafuta orodha kwanza. Kwa hiyo upakiaji ukikatika zikiwa zimebaki baiti chache tu za mwisho, kilichopotea ndicho kinachotafutwa kwanza. Windows itatangaza kwamba `The Compressed (zipped) Folder is invalid`, na amri ya `unzip` kwenye Linux italalamika kuhusu `End-of-central-directory signature not found`. Ujumbe wa pili unataja ugonjwa kwa jina lake: orodha ya mwisho haikuonekana. Ule wa kwanza unamfanya mtu aamini kwamba faili zima limeoza.

Tuchukue mfano wa mweka hazina wa SACCOS anayempelekea mkaguzi vocha 180 zilizoskaniwa. Amezibana katika faili la `Vocha_2024.zip` lenye baiti 46,912,305. Amelipakia kwenye tovuti ya kupokelea, mstari wa kijani umefika mwisho, neno la kupokelewa limetokea. Mkaguzi analipakua, linagoma. Akibofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya faili na kuchagua `Properties`, anasoma baiti 33,554,432. Ubishi ungeishia hapo. Tena namba yenyewe inasema zaidi ya kwamba kuna upungufu, kwa kuwa 33,554,432 ni megabaiti 32 kamili kwa hesabu ya kompyuta, sawa na vipande vinne vya megabaiti 8. Tovuti nyingi hupokea faili kubwa kwa vipande vya ukubwa mmoja kisha huviunganisha. Faili lililoishia kwenye mpaka wa namna hiyo linanifanya nishuku kwamba vipande vinne viliunganishwa na vilivyofuata vikaachwa, au kwamba seva ina kikomo na ikakata hapo. Mtandao uliokatika katikati ya kipande kwa kawaida huacha namba isiyo na mpangilio. Na ule mstari wa kijani? Kwa kawaida hupima baiti zilizotoka kwenye kivinjari cha mtumaji. Seva imehifadhi ngapi, mstari haujui.

Kulinganisha ukubwa kuna mitego yake, na ni haki kuitaja. Kwenye Windows soma mstari wa `Size`, si ule wa `Size on disk`, ambao huhesabu nafasi iliyoshikwa kwenye diski na hutofautiana kati ya mashine na mashine. Usiridhike na megabaiti pia. Faili lile lile la baiti 46,912,305 huonekana kuwa na MB 44.7 kwenye Windows na MB 46.9 kwenye Mac, kwa kuwa Windows huhesabu megabaiti kwa baiti 1,048,576 na Mac kwa baiti 1,000,000. Wapo watakaoona tofauti hiyo na kuapa kwamba faili limepungua njiani, kumbe limefika salama. Mtego mwingine ni wa faili dogo mno, kwa mfano la kilobaiti 14 mahali palipotarajiwa megabaiti 46. Hilo mara nyingi si zipu kabisa. Ni ukurasa wa kuomba nywila, au wa kutangaza kosa, ambao kivinjari kimeuhifadhi kwa jina la zipu. Lifungue kwa Notepad: ukiona `<!DOCTYPE html>` mwanzoni, kilichopakuliwa ni ukurasa. Zipu ya kawaida huanza na herufi `PK`, ambazo ni za jina la Katz mwenyewe. Ukikuta `Rar!`, mtu amebandika jina la `.zip` kwenye faili la aina nyingine, na hapo ndipo programu tofauti inapohitajika kweli.

Watetezi wa programu nyingine wana hoja, nami siipuuzi. Ni kweli 7-Zip inaweza kutoa kitu kwenye faili ambalo Windows imelikataa. Kila faili la ndani lina kichwa chake kidogo kilichoandikwa mbele yake, kwa hiyo programu yenye subira inaweza kupita kichwa kwa kichwa bila kuitegemea orodha ya mwisho. Kwenye Linux amri ya `zip` nayo hujaribu kazi hiyo na kuandika kinachookoka kwenye faili jipya:

```
zip -FF Vocha_2024.zip --out Nusu.zip
```

Lakini tuone mkaguzi wetu amepata nini. Baiti zilizofika ni zaidi kidogo ya asilimia 71 ya zote, kwa hiyo kama vocha zinakaribiana kwa ukubwa atapata takriban 128 nzima, inayofuata itakuwa imekatika, na zilizobaki hazimo. Hakuna programu inayoweza kurudisha baiti ambazo hazikufika. Ubaya ni kwamba folda sasa inafunguka na inaonekana nzima. Asiyejua kwamba zilipaswa kuwa 180 ataanza kukagua, na miezi ya mwisho wa mwaka itaonekana haina matumizi. Kwangu mimi faili linalogoma ni salama kuliko lililookolewa nusu bila mtu kuambiwa. Uokoaji una maana pale tu asili imepotea, na hata hapo uandamane na hesabu ya kilichokosekana. Ndiyo sababu mtumaji hapaswi kufuta folda yake kabla upande wa pili haujalifungua faili na kuhesabu yaliyomo.

Wengine watasema, kuna haja gani ya uchunguzi wote huu? Tuma tena. Kutuma tena ni jibu zuri ikiwa baiti zilipungua kwa sababu ya mtandao. Ikiwa zilipungua kwa kikomo cha seva, safari ya pili itakatwa pale pale, na bando limeliwa mara mbili. Hapo dawa ni kuugawa mzigo. Ningeshauri zipu kadhaa zinazojitegemea, tuseme moja kwa kila robo ya mwaka, kuliko zile zinazokatwa vipande na programu yenyewe, ambazo kipande kimoja kikikosekana vingine havikamiliki. Kuna hali ya tatu, na hii ndiyo inayoonyesha kwa nini hesabu itangulie: baiti zinalingana kabisa na faili bado halifunguki. Basi lawama imehama. Kuna uwezekano mkubwa kwamba kasoro ilikuwemo kabla ya kupakia: faili lilinakiliwa kutoka kwenye flashi iliyochomolewa mapema, au lilipakiwa programu ikiwa bado inabana. Kulituma mara kumi ni kusafirisha kasoro ile ile mara kumi. Mtumaji arudi kwenye folda ya asili, abane upya, na alifungue faili jipya kabla ya kulipakia.

Ukubwa ukilingana na shaka ikabaki, pande zote mbili zichukue alama ya kidole ya faili. Kwenye Windows unafungua dirisha la amri kwenye folda lilimo faili na kuandika:

```
certutil -hashfile Vocha_2024.zip SHA256
```

Itatokea mistari michache, na katikati yake mfululizo wa herufi na tarakimu 64. Mac hutumia `shasum -a 256`, Linux `sha256sum`. Mfululizo ukifanana pande zote mbili, faili ni lile lile. Ukitofautiana hata kwa herufi moja, kimebadilika kitu. Dalili nyepesi ya badiliko la katikati ni kwamba orodha inafunguka, mafaili mengi yanatoka, ila moja au mawili yanakataa. Kila faili la ndani hubeba namba ya kujikagua, na lililoumia ni lile tu ambalo namba yake haikubali. Usichanganye hali hiyo na zipu yenye nywila iliyofungwa kwa njia ya AES, ambayo Windows za zamani huonyesha orodha yake kisha zikashindwa kuitoa. Hiyo ni nzima, na 7-Zip itaimaliza.

Pingamizi lenye uzito kuliko mengine ni kwamba haya ni mambo ya mafundi, na mwananchi anayepeleka nyaraka zake hapaswi kulazimika kujua baiti. Nakubali nusu. Kusoma namba moja na kuilinganisha na nyingine si ufundi. Ila ni kweli kwamba kazi hii imewekwa kwa mtu asiyestahili kuibeba. Ukipeleka kifurushi kituo cha basi, karani hukuandikia risiti yenye idadi ya vifurushi, na anayepokea mwisho wa safari anahesabu kwa risiti hiyo. Tovuti ya kupokelea nyaraka inayotoa neno la kupokelewa peke yake imempa mtumaji risiti tupu, ilhali seva inaijua idadi ya baiti ilizohifadhi na inaweza kujaribu kuifungua zipu pale pale, mtumaji akiwa bado mbele ya skrini na folda yake ya asili. Kwa mweka hazina wetu ungetosha mstari mmoja chini ya neno hilo: `Vocha_2024.zip`, baiti 33,554,432 kati ya 46,912,305, halijafunguka, pakia tena kabla hujaondoka.