Dola zimerudi zote, shilingi zimepungua: Nani abebe hasara?

Tuseme unaishi Kianda, huku Kibera, na kazi yako ni kupiga picha za harusi na bathidei. Mwishoni mwa Januari 2024 unapata kamera kwenye duka moja la ng'ambo, dola 200. Unatia pesa kwenye kadi iliyo ndani ya simu, unalipa, na ujumbe unaingia kwamba umekatwa Sh32,960. Unangoja wiki tatu, kamera haifiki. Unaandika, unaambiwa subiri. Mwishowe muuzaji anakubali kuwa mzigo umepotea na anaahidi kukurudishia pesa zako zote. Mwisho wa Machi ujumbe unaingia tena: umepokea Sh25,608.

Unahesabu mara mbili. Zimepungua Sh7,352. Kwa wengi wetu mtaani hiyo si pesa ya kuachilia, ni kodi ya nyumba. Unamwandikia muuzaji, anakujibu kwa adabu kwamba amerudisha dola 200, hakubakisha hata senti. Unapigia walioitoa kadi, nao wanasema walichofanya ni kubadilisha dola kuwa shilingi. Kila mmoja ana risiti ya kuonyesha kwamba yeye ni msafi. Aliyebaki na shimo mfukoni ni wewe, na hakuna kosa ulilofanya.

Kamera hii tumeibuni kwa ajili ya hesabu, lakini kuyumba kwa shilingi kulikuwa kweli tupu. Mwishoni mwa Januari mwaka ule dola moja ilikuwa karibu Sh160. Soko lilikuwa na hofu, kwani serikali ilidaiwa dola bilioni 2 za hatifungani ambayo wengi huiita Yurobondi, na ilipaswa kuilipa Juni. Februari serikali ikakopa dola bilioni 1.5 kwa hatifungani mpya na kuanza kununua ile ya zamani kabla ya siku yake. Hofu ikapungua, waliokuwa wameficha dola wakaanza kuziuza, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu Sh132. Wengi tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Ila kwa mtu ambaye dola zake zilikuwa bado njiani zikirudi, habari njema ya nchi ilikuwa habari mbaya ya mfuko wake.

Ili kujua nani wa kulaumiwa, kwanza elewa pesa zako zilipitia wapi. Fikiria jirani amekuja kukukopa gorogoro mbili za mahindi. Akirudisha gorogoro mbili, deni limekwisha, hata kama bei ya mahindi imeshuka sokoni. Muuzaji wa ng'ambo anajiona hivyo. Aliandika bei kwa dola, akapokea dola, amerudisha dola. Shilingi zako hakuziona kamwe.

Tatizo ni kwamba wewe hukuwa na mahindi nyumbani. Ulienda sokoni ukayanunua ghali ili umkopeshe, na aliporudisha ulilazimika kuyauza siku hiyo hiyo kwa bei ya kutupa. Kadi yako ndiyo ilikwenda sokoni kwa niaba yako, mara ya kwanza kununua dola na mara ya pili kuziuza. Wengi hudhani kurudishiwa pesa ni kugeuza tu malipo ya zamani, kama vile kurudisha mkanda nyuma. Sivyo. Ni muamala mpya kabisa, wenye tarehe yake na bei yake ya dola.

Sasa tuipasue ile Sh7,352, kwa sababu ndani yake mna hasara mbili ambazo hazifanani.

Ya kwanza ni ya soko. Dola ilishuka kutoka 160 hadi 132, yaani Sh28 kwa kila dola. Zidisha kwa 200, unapata Sh5,600. Pesa hizi hakuna mtu katika mlolongo wako aliyezitia mfukoni. Muuzaji hakuzipata, wenye kadi hawakuzipata. Bei tu imebadilika.

Ya pili ni ya ada. Watoaji wengi wa kadi hawakupi bei ya soko yenyewe, wanaongeza asilimia kadhaa juu yake. Katika mfano wetu tumeweka asilimia 3. Ulipolipa, Sh960 zilikwenda hapo. Pesa ziliporudi, ada ile ile ikakatwa upande wa pili, Sh792. Jumla ni Sh1,752, na hizi si za soko, zimeingia kwa mtu. Ungezipoteza hata kama dola ingekaa palepale bila kusogea.

Kuhusu hasara ya soko, tuseme ukweli hata kama hautufurahishi. Mwaka mzima wa 2023 mambo yalikuwa kinyume. Dola ilianza mwaka ikiwa karibu Sh124 na kuumaliza ikiwa zaidi ya Sh156. Aliyelipa mapema mwaka ule kisha akarudishiwa dola miezi kadhaa baadaye, huenda alipokea shilingi nyingi kuliko alizotoa. Je, kuna yeyote aliyempigia muuzaji kumwambia, chukua ziada yako? Hatudhani. Kama tunataka sheria inayotulinda dola ikishuka, sheria hiyo hiyo ingetunyang'anya dola ikipanda. Kwa hiyo hatutamwambia muuzaji wa ng'ambo kwamba kila mara ni lazima arudishe idadi ile ile ya shilingi.

Tunachosema ni kingine: anayechelewesha alipe gharama ya kuchelewa. Ukibadilisha nia wewe mwenyewe, baada ya wiki mbili ukasema kamera huitaki tena, bahati ya soko ni yako, mbaya au nzuri. Lakini hapa mzigo ulipotea mikononi mwa muuzaji, kisha akakuzungusha wiki kadhaa huku dola ikiteremka kila siku. Hatari hiyo hukuichagua. Ni yeye peke yake aliyeweza kuifupisha kwa kubonyeza kitufe wiki ya kwanza. Mwandikie hivyo, ukitaja tarehe uliyolalamika na tarehe aliyorudisha, na umuombe afidie tofauti. Masharti ya maduka mengi hayamlazimishi, na hakuna atakayevuka bahari kufungua kesi ya Sh5,600. Hata hivyo barua yenye tarehe na hesabu hujibiwa tofauti na barua ya matusi.

Kuhusu ada, hatuna huruma. Mtu akinunua kitu anajua atalipa gharama ya kubadilisha pesa. Lakini kumkata tena kwa sababu bidhaa haikufika ni kumtoza kwa huduma ambayo hakuiomba. Walioitoa kadi wanapaswa kuirudisha ada ya kwanza, au angalau wasikate ya pili, na ujumbe wa simu uonyeshe bei ya dola waliyotumia. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu kinampa mtumiaji haki ya kupewa taarifa anazohitaji, na kulindwa kwa maslahi yake ya kiuchumi. Ujumbe unaosema tu umepokea shilingi kadhaa, bila kusema kwa bei gani, haujatoa taarifa hiyo.

Kabla hujapiga simu ya malalamiko, jua unamlalamikia nani. Anza na dola, usianze na shilingi. Angalia kama zilizorudi ni 200 kamili. Zikiwa 190, muuzaji amekata kitu na hapo ugomvi ni wako na yeye. Zikiwa 200, chukua shilingi ulizopokea uzigawe kwa 200. Katika mfano wetu, 25,608 ukigawa kwa 200 unapata 128.04. Sasa fungua tovuti ya Benki Kuu ya Kenya utazame bei ya dola ya siku ile, ambayo ni 132. Ile tofauti ya karibu Sh4 kwa kila dola ndiyo ada, na swali lake linakwenda kwa wenye kadi. Bei yako inaweza kutofautiana na ya Benki Kuu kwa senti kadhaa bila mtu kukosea, lakini ikitofautiana kwa shilingi nzima nzima, uliza.

Kuna wakati pia hasara hii yote inaweza kuepukika. Ukilipa kwa kadi, pesa hushikiliwa kwanza, na mara nyingi utaona neno Pending kando ya malipo. Katika kipindi hicho dola hazijamfikia muuzaji. Ukigundua kosa mapema, muombe afute malipo yenyewe badala ya kuyaacha yapite kisha akurudishie. Yakifutwa, shilingi zilizoshikiliwa huachiliwa bila kupitia sokoni. Ni suala la saa au siku chache, kwa hivyo usingoje hadi wikendi iishe.

Mwisho, kuna mchezo mmoja wa hapa hapa Nairobi ambao haustahili kuchanganywa na haya. Umempa wakala wa mjini shilingi kwa simu akuagizie mzigo kutoka Uchina au Dubai. Mzigo umekwama, umedai pesa zako, naye anakwambia, bei ilikuwa dola 200, nakurudishia dola 200 kwa bei ya leo. Hapo kataa. Wewe hukumpa dola. Ulimpa shilingi, ujumbe wa M-Pesa unasema shilingi, na kama hamkuandikiana vinginevyo, deni lake kwako ni shilingi zile zile. Kununua dola ilikuwa kazi yake, na hatari yake ni yake. Jiulize tu kama angekuongezea pesa iwapo dola ingepanda.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Aliyebadilisha nia abebe bahati ya soko, aliyechelewesha abebe hasara ya kuchelewa, na asiwepo mtu anayepata faida kwa sababu kamera ya kijana wa Kianda haikufika. Nawe weka ule ujumbe wa kwanza wa malipo, usiufute. Bila ule, huna pa kuanzia hesabu.