Miaka miwili ni miaka miwili, iandike hivyo

Juzi tulikaa na ndugu yetu mmoja kurekebisha wasifu wake wa kazi. Alianza lisansi ya kilimo Bukavu mwaka 2022, akafaulu mwaka wa kwanza na wa pili. Februari 2025, akiwa katika wa tatu, vita ikaingia mjini, naye akavuka kuja huku Burundi. Sasa anaomba kazi ya kuwafundisha wakulima kambini.

Kwenye elimu alikuwa ameandika: "Lisansi ya Kilimo, 2022–2025." Hakuna neno la uongo hapo, lakini anayesoma ataelewa kwamba amemaliza. Ataombwa cheti, hana, na hapo hata yale ya kweli yatatiliwa shaka.

Mmoja wetu akasema afute mstari wote. Basi miaka mitatu inabaki tupu, na masomo ambayo kazi inayahitaji yanapotea. Mwingine akapendekeza: "Kwa bahati mbaya sikumaliza sababu ya vita, naomba mnielewe." Hapo tulibishana, maana vita si uongo. Lakini sehemu ya elimu inauliza ulisoma nini. Ukiomba msamaha, msomaji anakumbuka huruma, anasahau udongo na mbegu.

Mwishowe tuliandika hivi:

"Lisansi ya Kilimo, chuo kikuu, Bukavu, 2022–2025. Nimefaulu miaka 2 kati ya 3, shahada haijakamilika. Masomo: udongo, magonjwa ya mimea, takwimu."

Sababu haimo. Akiulizwa kwenye mahojiano, atajibu kwa sentensi moja: "Vita ilifika mji wetu nikiwa mwaka wa tatu." Kisha arudi kwenye kazi.

Tuwe waangalifu na hesabu. Hesabu mwaka uliofaulu mitihani yake, si mwaka uliokaa darasani. Kama mtihani hukufanya, andika "mwaka wa 3 ulianza". Usiandike "naendelea na masomo" kama hujaandikishwa popote leo. Na fomu ikiuliza kiwango cha juu ulichomaliza, jaza sekondari. Chuo kikae kwenye wasifu.

Je, kozi uliyoiacha mwenyewe, labda ile ya kompyuta ya wiki kumi na mbili uliyokaa wiki nne? Kama ulijifunza kitu ambacho kazi hii inakitaka, andika hizo wiki nne na ulichojifunza. Kama hakuna, iache. Hakuna anayedai orodha ya kila mlango uliowahi kugonga.

Nanyi mnaopokea fomu zetu, tuna ombi moja. Pale penye "umemaliza: ndiyo au hapana", ongezeni mstari wa "miaka uliyofaulu". Bila huo mstari, aliyefaulu miaka miwili na ambaye hakuwahi kuingia chuo wanaandika "hapana" ileile, na ninyi hamtajua mnayemwacha.